Kitambi cha Dereva wa Teksi: Swali Moja na Jibu Lake

Ndugu Mwenyekiti, viongozi wa chama, na ninyi madereva ambao mmekubali kuacha abiria wa mchana ili mnisikilize, nawashukuru. Nilipoalikwa kuzungumza nanyi kama afisa lishe, niliomba maswali yaletwe mapema kwa maandishi, kwa sababu najua kwamba mtu mzima haoni raha kusimama mbele za watu akaanza kueleza habari za tumbo lake. Yaliletwa maswali mengi, lakini nimechagua moja tu, kwa kuwa aliyeliandika ameweka ndani yake karibu kila jambo ambalo wengine waliligusa kwa mafungu. Nalisoma kama lilivyo:

"Mimi ni dereva wa teksi, nina miaka 41. Naendesha saa 12 kwa siku, siku 6 kwa wiki. Nilipoanza kazi hii miaka 9 iliyopita nilikuwa mwembamba, na sasa nina kitambi kinachogusa usukani nikisogeza kiti mbele. Kwa miezi 3 sasa, kila usiku kabla ya kulala, nalala chali na kuinua kiwiliwili mara 50 ili kukaza tumbo, lakini tumbo liko palepale. Je, ni kukaa ndiko kunakoniletea hali hii? Na kama siwezi kuacha kukaa, kwa kuwa ndiko kunakonilisha, nifanye nini?"

Mwenye swali hili yumo humu ukumbini. Baada ya kulisoma niliomba nikutane naye, tukapima, tukaandika, tukafuatana kwa wiki 12, naye ameniruhusu niwaeleze vipimo vyake ilimradi nisimtaje jina. Kwa hiyo nitakayosema si ya kubuni kwa ajili ya mkutano huu.

Nianze na yale mazoezi 50 ya usiku, maana ndiyo yaliyomkatisha tamaa. Watu wengi huamini kwamba msuli unaofanya kazi huyayeyusha mafuta yaliyo juu yake, kama vile moto unavyoyeyusha siagi iliyo juu ya sufuria. Mwili haufanyi hivyo. Mafuta yanapohitajika, homoni hutoa amri, na mafuta huachiliwa kuingia kwenye damu kutoka kwenye hazina zote za mwili, mapajani, mgongoni, shingoni na tumboni, kila mahali kwa kiwango chake. Msuli unaofanya kazi huchota kutoka kwenye damu, si kutoka kwa jirani yake wa karibu. Tena mazoezi hayo ni madogo mno kwa kipimo cha nguvu. Kuinua kiwiliwili mara 50 humalizika kwa dakika 3 hivi, na nguvu inayotumika haizidi ile iliyomo ndani ya vijiko 2 vidogo vya sukari. Msuli wa tumbo wa ndugu yetu bila shaka umekuwa imara zaidi kuliko miezi 3 iliyopita, na hilo ni jema kwa mgongo wake, lakini umekuwa imara chini ya blanketi lilelile.

Sasa tumtazame huyo tunayemwita kitambi, kwa sababu si kitu kimoja. Kuna mafuta yaliyo chini ya ngozi, yale unayoweza kuyabana kwa kidole gumba na kidole cha shahada ukayavuta. Halafu kuna mafuta yaliyo ndani kabisa, nyuma ya ukuta wa misuli ya tumbo, yanayozunguka utumbo na kulizingira ini. Hayo huwezi kuyabana, kwa sababu ukuta wa misuli uko kati yako na hayo. Mwanamume ambaye tumbo lake limetangulia mbele, limekaza kama ngoma, na ukijaribu kulibana unapata ngozi nyembamba tu, huwa anajivuna kwamba "hili si mafuta, ni nguvu." Ninasikitika kumwambia kwamba mara nyingi huyo ndiye mwenye mafuta mengi ya ndani. Na ni haya ya ndani yanayotutia wasiwasi sisi watu wa afya, kwa kuwa damu inayotoka kwenye eneo hilo huenda moja kwa moja kwenye ini kabla ya kwenda kwingine. Ini likijazwa mafuta kila siku, huacha kuitikia vizuri insulini, ile homoni ya kongosho inayosimamia sukari ya damu. Sukari hupanda, mafuta ya damu hupanda, na shinikizo la damu mara nyingi hufuata.

Habari njema, na sisemi kwa kubembeleza, ni kwamba mafuta ya ndani ndiyo yanayoitikia upesi zaidi mtu anapoanza kupungua. Yale ya kubanika kwa vidole huwa na ukaidi.

Ili kujua uko wapi, usitumie kioo wala mizani peke yake, na zaidi ya yote usitumie suruali. Nimeulizwa na dereva mmoja mwenye tumbo kubwa: "Mbona navaa saizi ileile ya miaka 10 iliyopita?" Anavaa saizi ileile kwa sababu mkanda umeteremka, zamani aliufunga kitovuni, leo anaufunga chini ya kitambi, kwenye nyonga, mahali ambapo mtu hanenepi sana. Chukua futi ya fundi cherehani. Simama wima, miguu ikiwa imeachana kidogo, shati limeinuliwa. Tafuta kwa vidole ubavu wako wa mwisho upande wa pembeni, kisha tafuta ncha ya juu ya mfupa wa nyonga upande huohuo, na katikati ya hapo ndipo futi inapopita. Izungushe ikiwa imelala sawasawa mbele na nyuma, bila kuizamisha ndani ya nyama. Toa pumzi kama kawaida, usivute tumbo, halafu soma. Ukipata namba inayokushangaza, pima tena. Wanaume wengi mara ya kwanza huvuta tumbo bila kujijua.

Kwa wanaume, kipimo cha sentimita 94 na kuendelea huhesabiwa kuwa cha tahadhari, na 102 na kuendelea kuwa cha hatari kubwa. Kwa watu wenye asili ya Asia ya Kusini mpaka wa tahadhari hushuka hadi 90. Kwa wanawake namba hizo ni 80 na 88. Kama hupendi kukariri namba, chukua urefu wako ugawe kwa 2: kiuno kisizidi nusu ya urefu. Ndugu yetu ana urefu wa sentimita 170, kwa hiyo nusu yake ni 85. Futi ilisoma 104. Uzito wake ulikuwa kilo 88.

Nirudi kwenye swali lake la msingi: je, ni kukaa? Watafiti waliwahi kulichunguza jambo hili kwa watu wa usukani, na nafurahi kulieleza mbele yenu kuliko mbele ya hadhira nyingine yoyote. Mwaka 1953, daktari wa Uingereza aliyeitwa Jerry Morris na wenzake walichapisha utafiti juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Katika kila basi walikuwamo watu wawili, dereva aliyekaa siku nzima, na kondakta aliyepanda na kushuka ngazi mamia ya mara akikusanya nauli. Basi ni lilelile na barabara ni ileile, lakini makondakta walipatwa na ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa kiwango cha chini kuliko madereva. Ukiishia hapo utasema kesi imekwisha. Morris hakuishia hapo. Mwaka 1956 walichapisha vipimo vya sare za wafanyakazi haohao, na kiuno cha suruali za madereva kilikuwa kikubwa kuliko cha makondakta hata kwa vijana ambao hawakuwa wamekaa kazini muda mrefu. Maana yake ni kwamba sehemu ya tofauti ile ilikuwapo tangu siku ya kuajiriwa. Waliokuwa wanene kidogo ndio waliochagua, au waliochaguliwa, kukaa. Hata hivyo tofauti yote haikuweza kuelezwa na suruali, na utafiti uliofuata kwa miaka mingi umeendelea kuonyesha kwamba mwendo wenyewe hulinda moyo.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: kukaa kunashiriki, lakini hakufanyi kazi peke yake, na kwa upande wa kitambi si mshitakiwa wa kwanza. Mtu anayekaa hutumia nguvu kidogo, na anayesimama tu pale pale hutumia zaidi kwa kiasi kisichofaa hata kukitaja. Tofauti ya maana huanzia kwenye kutembea. Tatizo ni kwamba hamu ya kula haishuki kwa kadiri mwendo ulivyoshuka. Tena kiti cha teksi huja na mambo yake: kusubiri, ambako ndiko kunakozaa kutafuna; kukosa mahali pa kujisaidia, ambako ndiko kunakozaa kutokunywa maji; chakula kikubwa usiku wa manane; na usingizi mfupi. Nilimwomba ndugu yetu aandike kwa siku 3 kila kilichoingia kinywani na saa kilipoingia, bila kupamba. Siku ya kwanza aliniletea karatasi ya mtawa. Nilimrudishia, nikamwambia aandike tena siku ya foleni.

Karatasi ya pili ndiyo iliyokuwa ya kweli. Aliamka saa 11 alfajiri, akanywa kikombe cha chai chenye vijiko 3 vya sukari, akaondoka. Saa 4 asubuhi chai nyingine kama hiyo na vitafunwa vya kukaanga. Saa 7 mchana chupa ya soda ya nusu lita "ya kupoza koo." Saa 10 jioni chai ya tatu. Saa 12 jioni soda nyingine, kwa sababu alianza kusinzia. Maji, glasi moja. Saa 4 usiku alifika nyumbani akiwa na njaa ya mchana kutwa, akala sahani iliyojaa wanga hadi ukingoni na mboga pembeni, na saa 5 alikuwa amelala.

Tulihesabu sukari peke yake. Nusu lita ya soda ya kawaida ina sukari inayozidi gramu 50; mbili zinakaribia 106. Chai 3 zenye vijiko 3, kwa gramu 4 kila kijiko, ni gramu 36. Jumla ni kama gramu 142, yaani kilokalori 570 hivi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza sukari ya kuongezwa isizidi sehemu ya kumi ya nguvu yote ya chakula cha siku, na ikiwezekana ishuke hadi nusu ya hapo, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25. Ndugu yetu alikuwa amekikaribia kabisa kiasi hicho kabla ya chai ya tatu na kabla ya kugusa soda. Halafu tuweke hesabu hiyo kwa miguu: mtu wa kilo 88 akitembea kwa mwendo wa kawaida wa kilomita 5 kwa saa, itamchukua karibu saa 2 kutumia nguvu hiyo. Saa 2 kila siku. Hana. Ninyi pia hamna. Ndiyo sababu sikumwambia aanze na mazoezi, nilimwambia aanze na chupa.

Kinywaji chenye sukari kina ubaya wa pekee ambao chakula hakina: hakishibishi. Mtu akila wanga wa kilokalori 200 atapunguza kidogo mlo unaofuata bila hata kufikiri. Akinywa kiasi hichohicho, tumbo halikihesabu, na mlo unaofuata huliwa wote. Sukari ya soda, nusu yake ni ile ya aina ya matunda, na hiyo hushughulikiwa zaidi na ini, lilelile ini tulilolitaja, ambalo likipewa nyingi kwa mara moja huigeuza kuwa mafuta. Na niseme hapa kwa wanaofikiri kwamba juisi inaokoa: juisi iliyokamuliwa na kuchujwa haiko mbali na soda kwa sukari. Tunda zima ni jambo jingine, kwa kuwa lina nyuzinyuzi na linatafunwa.

Tulibadilisha mambo 4 tu, na kwa utaratibu, si yote siku moja. Wiki ya kwanza soda mbili zilitoka, na badala yake akaweka chupa ya maji ya lita moja na nusu kwenye mfuko wa mlango wa gari. Chai tulishusha kijiko kimoja kwa wiki, hadi kikabaki nusu. Ukitoa vijiko 3 kwa siku moja, siku ya nne utavirudisha vyote. Wiki ya pili tulihamisha mlo. Sahani ile kubwa ya saa 4 usiku tuliigawa, nusu yake akaila saa 7 mchana ikiwa imefungashwa kutoka nyumbani pamoja na maharage au mayai, na ya usiku ikawa nusu sahani mboga, robo wanga, na robo chakula cha kujenga mwili. Nawaomba mlitazame jambo hili kwa makini: hatukumnyima chakula. Dereva anayefunga mchana kutwa ili "apunguze" ndiye anayekula bila breki usiku.

Jambo la tatu ni dakika 10 baada ya kula, na hapa ndipo kukaa kunapoingia kwa haki yake. Baada ya mlo sukari huanza kupanda kwenye damu, na kilele chake huwa kati ya nusu saa na saa moja na nusu. Msuli uliotulia husubiri insulini ije kuufungulia mlango ili sukari iingie. Msuli unaofanya kazi una mlango wa pili, unaofunguka kwa kusinyaa kwa msuli wenyewe, bila kuisubiri insulini. Misuli mikubwa kuliko yote mwilini iko mapajani na makalioni, na ndiyo hasa mnayoikalia. Kwa hiyo dereva akimaliza kula, akafunga gari, akatembea dakika 10 kwa mwendo wa mtu anayewahi miadi, sukari yake haipandi kwa kiwango ambacho ingepanda kama angerudi kwenye kiti. Majaribio yameonyesha kwamba hata kusimama na kutembea taratibu kwa dakika 2 kila baada ya dakika 20 za kukaa hupunguza sukari na insulini baada ya mlo. Sitawaambia mfanye kila dakika 20, maana abiria wenu watawaacha. Lakini kila abiria anaposhuka na hakuna mwingine anayesubiri, shuka na wewe. Zunguka gari mara 5, kagua matairi, inua visigino mara 20 ukiwa umeshika mlango. Ndugu yetu alipata hivyo kama dakika 35 kwa siku, zilizokatikakatika, na kwa siku 6 zinapita zile dakika 150 za wiki ambazo mtu mzima anashauriwa kuwa nazo kama kiwango cha chini, mradi mwendo uwe wa kupandisha pumzi kidogo.

La nne ni usingizi. Usingizi wake ulikuwa wa saa 5 na nusu tu kwa usiku. Usingizi mfupi huongeza homoni ya njaa na kupunguza ile ya shibe, na mtu aliyelala kidogo huchagua vitamu na vya kukaanga, si kwa ulafi bali kwa sababu ubongo uliochoka hutafuta nguvu ya haraka. Hapa tulifanikiwa nusu nusu. Alipata saa 6 na dakika 15 kwa wastani. Kazi yake haikuruhusu zaidi, nami sikutaka kumdai asichoweza.

Matokeo yalikuwa hivi. Wiki ya kwanza uzito ulishuka kilo moja na nusu, naye akafurahi sana, na mimi nikampunguzia furaha: nyingi ya hiyo ilikuwa maji. Wiki ya pili na ya tatu mizani haikusogea, akanipigia simu akitaka kurudi kwenye mazoezi yake 50. Tukapima kiuno: kimetoka 104 hadi 102. Mizani ilikuwa imenyamaza, futi ikasema. Kufikia wiki ya 12 alikuwa na kilo 83 na kiuno cha sentimita 98. Kwa hesabu ya karatasi, kupunguza kilokalori 570 kila siku kungempunguzia zaidi ya kilo 6 katika muda huo, lakini mwili si karatasi. Ukipungua unatumia nguvu kidogo zaidi kuliko mwanzo, na zilikuwapo pia harusi mbili. Bado hajafika 94, achilia mbali 85. Ila kitambi hakigusi usukani.

Baada ya hapo waliinua mikono watu kadhaa, nami nitayaandika majibu kama nilivyoyatoa.

Kaka mmoja aliuliza kuhusu mikanda ya kubana tumbo na chai za kupunguza kitambi. Mkanda hukutoa jasho, na jasho ni maji. Ukinywa glasi mbili yamerudi. Ukibanwa ukiwa umekaa, unasukuma tumbo juu kwenye kifua, na ndiyo sababu wanaouvaa ndani ya gari hulalamikia kiungulia. Chai nyingi za aina hiyo zina majani ya kuharisha. Huharishi mafuta, unaharisha maji na chumvi za mwili, na dereva aliye kwenye foleni hahitaji nielezee matokeo mengine.

Mwingine, mtu mzima wa makamo, alisimama akasema: "Mwalimu, nikiacha soda ya jioni nitasinzia nimuue abiria." Hili nililichukulia kwa uzito kuliko yote. Mzee wangu, nilimwambia, sukari haiondoi usingizi. Kilichokuwa kinakusaidia katika soda ile, kama ni ya rangi nyeusi, ni kafeini, nayo unaweza kuipata kwenye kahawa au chai isiyo na sukari. Kilicho bora zaidi ni kuegesha mahali salama na kulala dakika 15 hadi 20. Lakini nilimuuliza pia: je, unakoroma? Mke wako amewahi kukuambia kwamba pumzi inakatika, kimya kinapita, halafu unashtuka kama mtu aliyekabwa? Akacheka, kisha akakubali. Mafuta yanayojazana shingoni na tumboni huweza kuiziba njia ya hewa usingizini, mtu akaamka mara kadhaa kila saa bila kujua, na asubuhi akaamka amechoka kuliko alivyolala. Mwanamume ambaye shingo yake inazidi sentimita 43, anakoroma na kusinzia mchana, asiishie kwa afisa lishe. Amwone daktari apimwe usingizi, na mpaka hapo asiendeshe safari ndefu za usiku. Huo ni ugonjwa wenye matibabu, na kuendesha ukiwa nao bila kutibiwa ni hatari kwako na kwa aliyekaa nyuma.

Aliyefuata anatumia dawa za kisukari, akauliza kama aanze leo hii kuacha sukari na kutembea. Nilimjibu kwamba aanze baada ya kuzungumza na daktari wake. Anayetumia insulini, au vidonge kama glibenklamaidi vinavyolazimisha kongosho kutoa insulini, akipunguza wanga ghafla na kuongeza mwendo bila dozi kurekebishwa, sukari inaweza kushuka chini ya milimoli 4 kwa lita akiwa barabarani. Dalili zake ni kutetemeka, jasho la baridi, njaa ya ghafla, na kuchanganyikiwa ambako dereva mwenyewe ndiye wa mwisho kukugundua. Mtu huyo, na yeye peke yake kati yetu, anatakiwa kuwa na kitu cha sukari ndani ya gari kila siku.

Niliulizwa pia lini tumbo si kitambi. Kitambi huja kwa miaka. Tumbo likikua kwa wiki chache, likawa zito huku mikono na mashavu vikikonda, au miguu ikivimba, au macho yakawa ya manjano, hayo si mafuta, huenda ni maji yanayojaa tumboni, na mtu asipoteze hata siku moja kwa kubadilisha chai. Vilevile mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye misuli ya nyuma baada ya saa nyingi za kukaa, inaweza kuwa damu imeganda kwenye mshipa. Usiukande, nenda hospitali siku hiyohiyo. Na kwa wote waliopimwa 102 na zaidi, ombeni kipimo cha sukari kabla ya kula na kipimo cha shinikizo la damu. Sukari ya milimoli 7.0 kwa lita na kuendelea, ikirudiwa na kuthibitishwa siku nyingine, ni kisukari. Shinikizo la 140 kwa 90 na kuendelea, kwa vipimo vya siku tofauti, ni la kutibiwa.

Swali la mwisho lilitoka nyuma kabisa, kwa sauti ya mtu aliyekuwa amelishika tangu mwanzo: "Maji lita moja na nusu, sawa. Choo kiko wapi?" Ukumbi ulicheka, lakini yeye hakucheka, na alikuwa na haki. Nilimgeukia mwenye swali letu la kwanza, kwa sababu yeye ameishi nalo wiki 12. Akasema anakunywa glasi mbili akiamka, anapita chooni kabla ya kutoka; halafu ameandika kwenye karatasi ambayo huichomeka kwenye kikinga jua cha gari vituo 7 vya mafuta ambavyo wahudumu wake wamemzoea, na anakunywa kidogo kidogo mpaka saa 11 jioni, kisha anapunguza ili asiamke usiku. Kisha akaitoa karatasi hiyo mfukoni, imekunjwa mara nne na ina alama ya kikombe cha chai, na yule wa nyuma akaja mbele kuinakili.